Sketi za Damu ya Mzee

Mama Saizi hakuwahi kumvutia mtoto mkanda wa kupimia mpaka ampime kwa macho kwanza. Mtoto akiingia dukani ameshika mkono wa mama yake, yeye humtazama mara moja tu, kichwa mpaka viatu, kisha hugeukia rafu na kusema, "Ishirini na sita. Lakini mpe ishirini na nane, huyu anarefuka huyu." Mkanda ukija kupita kiunoni, ni ishirini na sita kweli. Ndiyo maana jina lake la nyumbani lilikuwa limesahaulika na watu wote wa mtaa ule wa maduka, wakabaki na hilo moja la Mama Saizi.

Mdogo wake alikuja kumsaidia mwaka ambao jengo la saluni yake lilibomolewa. Mwenye jengo alimpa taarifa ya mwezi mmoja na pole nyingi. Alifunga vikaushio vyake vya nywele kwenye shuka, akavipeleka kwa dada, akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta na kushika tama.

"Utakaa hapo kama mzigo wa kupelekwa bandarini mpaka lini?" dada yake alimuuliza.

"Mpaka nipate pa kwenda, dada."

"Basi wakati unatafuta pa kwenda, shika droo. Zaidi yako nani atanishikia fedha?"

Hivyo akapewa droo, na kwa kuwa dada alikuwa akimwita "mdogo wangu" mbele ya wateja, wateja nao wakamwita Mdogo, japo alikuwa mama wa watoto wawili na kwa kimo alimpita dada yake kichwa kizima.

Duka lilikuwa la sare za shule. Chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, rafu mpaka darini, ngazi fupi ya kupandia, na nyuma yake stoo isiyo na dirisha iliyonuka kitambaa kipya. Pembeni, chini ya bati la kuazima kwa jirani, palikuwa na cherehani mbili. Fundi mkuu aliitwa Kimya. Jina lile alipewa kwa mzaha, maana alianza kuongea akifungua cherehani na alinyamaza akiifunga, na mada zake zilikuwa zote duniani.

Mdogo alipofika, shule zilikuwa katikati ya muhula na duka lilikuwa limepoa. Kulikuwa na siku wanauza jozi moja ya soksi, wakashukuru. Ajabu ni kwamba katika ukame ule ndipo dada alipokuwa akinunua. Kila baada ya muda kijana wa mkokoteni alishusha maboksi ya mashati meupe, soksi nyeupe, viatu vyeusi, na dada akayapanga stoo huku akiimba kwa pua.

"Dada, samahani," Mdogo alisema siku moja, "tunaingiza mzigo na hatutoi kitu. Hizi fedha si zinalala?"

"Zinalala, ndiyo. Lakini zimelala kwenye shati jeupe. Taja shule moja isiyovaa shati jeupe."

Mdogo alifikiri. Hakuna aliyoijua.

"Shati jeupe halina shule," dada alisema. "Soksi nyeupe haina shule. Kiatu cheusi hakina shule. Hivi nanunua sasa, wakati wenye maghala wanapiga miayo na bei ziko chini. Sketi ndiyo ina shule. Sweta lina nembo. Hivyo vinaweza kukugeuka. Kwa hivyo sketi naziacha ziwe kitambaa, nashona chache za kuanzia, na nembo nazifunga kwenye bahasha mpaka mtoto asimame hapa mbele yangu."

Kweli nembo zilikuwa kwenye bahasha za kaki, shule moja bahasha moja, na masweta ya bluu yalikaa matupu kifuani yakisubiri. Kimya alikuwa akishona nembo mteja akingoja, na mteja akingoja alisimuliwa habari za dunia bure.

Fedha nazo zilikuwa na vyumba vyao. Mdogo, aliyezoea kwenye saluni yake kuchota humo humo kwenye mkoba chakula, kodi na mafuta ya nywele, aliona jambo jipya. Kodi ya duka ya mwezi wa kufungua shule ililipwa mapema, ili mwenye nyumba asije akabisha hodi katikati ya foleni. Mafundi wa ziada walipewa kishika mkono, sehemu ya malipo yao, wiki kadhaa kabla, maana wiki ile kila duka humtaka fundi yule yule. Chenji ilikusanywa pole pole kutoka kwa wauza mboga na makondakta, waliofurahi kupata noti kubwa badala ya mifuko mizito ya sarafu. Halafu kulikuwa na fungu ambalo dada aliliita la kurudia. Hilo halikuguswa kwa lolote.

"La kurudia nini?" Mdogo aliuliza.

"Kurudia ghalani. Wiki ile saizi za katikati zitaisha mapema, zinaisha kila mwaka. Ukiwa umemaliza fedha yote kwenye mzigo wa kwanza, utabaki na saizi za watoto wachanga na za majitu, na wateja wanapita mlangoni wanakwenda kwa mwenzako. Hasara ya duka la sare haiko kwenye kukosa mzigo tu, mdogo wangu. Iko kwenye kuwa na mzigo tele na huna wanachotaka."

Mwenzako aliyetajwa alikuwa ng'ambo ya barabara. Duka lake lilikuwa na vioo mbele na sanamu za watoto weupe wasio na vichwa, zimevaa sare zilizopigwa pasi. Watu walimwita Bosi Kioo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na salamu nzuri na suruali nzuri. Mwaka ule alikuwa amechukua mkopo, akashona sare kamili kwa kila shule, nembo juu, zimefungwa kwenye nailoni. Ukiingia kwake unapewa na kuondoka. Wazazi wenye haraka walimpenda.

Shule zilipofungwa na likizo kuingia, alipita wakala mmoja na gari la mabegi ya shule. Mabegi mazuri, yenye magurudumu na picha, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Alitaka fedha taslimu, mzigo wote kwa mkupuo.

Mdogo aliyashika, akayafungua zipu, macho yakamtoka. "Dada, tutapiga bei mara mbili! Fungu la kurudia si lipo? Tutalirudisha siku ya pili tu."

"Mabegi mazuri sana," dada alikubali. "Mpelekee mwenzetu."

"Hata machache?"

"Hauzi machache. Na kwangu fedha ile haina ruhusa ya kutoka."

Wakala alivuka barabara. Baada ya muda mfupi mabegi yalikuwa yakining'inia mbele ya vioo kama matunda, na Mdogo aliyatazama siku nzima akimeza mate. Usiku wa siku ile hakumlaumu dada yake kwa mdomo, lakini moyoni alisema: huyu ameogopa.

Mauzo yalianza kuchangamka. Wazazi wa mapema, wale wenye mishahara ya uhakika, walikuja na kununua kwa utulivu. Shule mbili ndizo zilizoleta watu wengi. Shule ya bondeni walivaa sketi na kaptula za damu ya mzee. Shule ya kilimani walivaa kijivu. Mashati yao meupe yalikuwa yale yale, sweta la bluu lile lile, tofauti ni nembo tu.

Ikanyesha mvua moja, kubwa, isiyo na adabu. Ilinyesha usiku na kuendelea mchana, na kesho yake wakaguzi wa majengo walikwenda shule ya bondeni, wakakuta ukuta wa madarasa umefunguka ufa ambao mtu angeweza kupitisha mkono. Walifunga lango kwa mnyororo siku ile ile. Ilikuwa imebaki wiki moja shule zifunguliwe.

Habari ililetwa dukani na Kimya, na mara hii alikuwa na haki ya kuongea. "Watoto wote wa bondeni wanahamishiwa kilimani! Nimesikia kwa mwalimu mwenyewe. Mpaka jengo litengenezwe. Mwaka mzima, labda zaidi. Mwalimu mkuu wa kilimani amesema hamfukuzi mtoto kwa sababu ya sare, lakini anaomba wazazi wajitahidi, watoto wafanane."

"Wajitahidi," dada alirudia polepole. Alikuwa juu ya ngazi, na alibaki pale pale ameshika boksi la soksi. "Na mzazi gani atakubali mwanawe akae darasa la watu amevaa rangi peke yake kama mgeni?"

Akashuka. Hakuuliza swali jingine. Alivua aproni, akajifunga kanga yake ya kutokea, akaingia stoo na kutoka na fungu la kurudia limefungwa kitambaani. "Mdogo wangu, twende. Kimya, angalia duka, na uongee na wateja kwa kiasi."

Ghala la vitambaa lilikuwa mwisho wa mtaa, na mwenyewe aliitwa Mzee wa Majora, mzee mkavu aliyekaa kwenye meza kati ya majora ya vitambaa yaliyosimama kama watu kwenye kituo. Wakati huo alikuwa anakunywa chai na habari ilikuwa bado haijamfikia, au kama ilimfikia hakuwa ameipa uzito.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Saizi. Umekuja kurudia mapema mwaka huu."

"Nimekuja. Kijivu una kiasi gani?"

Aliita kijana, kijana akahesabu. Kijivu kilikuwepo cha kujaza mkokoteni, si zaidi, na mzigo mwingine ulikuwa njiani usingefika kabla ya shule. Dada alisema anakichukua chote. Mzee aliweka kikombe chini.

"Chote? Umesikia nini ambacho mimi sijasikia?"

Mdogo alimkanyaga dada mguu chini ya meza. Alijua wenye maghala. Akijua kijivu kinatafutwa, bei itapanda hapo hapo kabla chai haijapoa. Lakini dada alimweleza yote, ukuta, mnyororo, watoto wa bondeni kwenda kilimani. Mzee alisikiliza akipapasa kidevu.

"Na unaniambia kabla ya kununua," alisema.

"Utasikia jioni hii hii. Kisha utanitazamaje mwakani?"

Mzee alicheka kicheko kifupi cha puani. Bei hakuipandisha. Fedha waliyokuwa nayo ilitosha zaidi kidogo ya nusu ya mzigo. Alichukua ile, na iliyobaki akaiacha mpaka Jumamosi jioni, kwa neno tu. Mdogo alitoka pale amelowa jasho kwapani, hajui kama ameshuhudia ujinga au akili. Nyuma yao mkokoteni ulikuja ukilia chini ya majora ya kijivu.

Walipofika dukani, mteja wa kwanza wa balaa alikuwa ameshafika. Alikuwa mama muuza maji, na mkononi alikuwa na mfuko wa duka lao lenyewe. Ndani mlikuwa na sketi tatu za damu ya mzee, hazijavaliwa, mikunjo ya pasi bado imesimama. Mabinti zake watatu.

"Mama Saizi, nimesikia," alisema. Aliweka mfuko kwenye kaunta na mkono wake ukabaki juu yake. "Sina fedha nyingine. Nilikuwa naweka hii tangu muhula uliopita. Sijui nikuombe nini. Nimekuja tu."

Mdogo alimtazama dada yake, na dada alitazama sketi. Kisha alisema, "Keti kidogo, mama. Nakuja," akamvuta Mdogo mpaka stoo.

"Tutawabadilishia," dada alinong'ona.

"Wote?"

"Wote walionunua kwetu."

"Dada, subiri." Mdogo aliona lazima aseme sasa au asiseme tena. "Mimi ndiye ninayeshika droo. Tumeuza nyingi sana za bondeni. Ukimpa kila mtu sketi mpya na kuchukua ya zamani, hakuna fedha inayoingia, lakini kitambaa kimetoka, na fundi lazima alipwe. Fungu la kurudia tumeliweka kwa Mzee. Jumamosi anataka lake. Na wiki ijayo mashati yakiisha tutarudia na nini? Na zile za zamani tutazifanyaje, tutazitia rangi?"

Kimya, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia bila haya, alijibu. "Rangi haishiki hapo. Si pamba tupu, ina nailoni nyingi. Utapata madoadoa kama chui."

"Umeona?" Mdogo alisema. "Ukuta hatukuupasua sisi. Hakuna atakayetulaumu."

Dada alikaa juu ya boksi. Kwa mara ya kwanza tangu Mdogo aje pale, alionekana mchovu, na umri wake wote ukamjia usoni. "Hawatatulaumu," alisema. "Wataelewa, watarudi nyumbani, na watoto wataenda shule na damu ya mzee. Mimi nilimpima yule mkubwa wake nikamwambia chukua kubwa zaidi itakaa miaka miwili. Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu." Akahesabu kidogo kwa vidole. "Lakini unayosema ni kweli. Hesabu zako sijaona mahali pa kuzipinga."

Nje walisikia sauti ya mzazi mwingine akisalimia, na mwingine. Mdogo aliumiza kichwa. Alifikiria saluni yake, jinsi mteja akiharibikiwa na rangi ya nywele alivyokuwa akimtengenezea upya: rangi juu yake yeye, lakini msaidizi lazima alipwe, kwa hivyo mteja alitoa malipo ya kazi. Hakuna aliyewahi kugombana naye kwa hilo.

"Walipe ufundi tu," alisema.

"Nini?"

"Kitambaa tunakibeba sisi. Ufundi wanalipa wao. Ni fedha ndogo, hata yule mama wa maji anaweza. Ila fundi anapata chake kila jioni na droo haitoboki. Masweta hatubadilishi, tunabandua nembo na kushona nyingine, bei ya nembo tu. Mashati ni yale yale. Kwa hivyo tunachobeba ni sketi na kaptula peke yake. Na wateja wapya wa kilimani wananunua kwa bei ya siku zote, hao ndio watakaotulipia kwa Mzee."

Dada alimtazama kwa muda. Kisha akamshika shavu, kama alivyomshika enzi walipokuwa wanafunga nywele kwa uzi. "Na wewe ulikuwa unatafuta pa kwenda," alisema, akainuka.

Mama muuza maji aliposikia, alifungua pindo la kanga yake akatoa ya ufundi pale pale, sarafu na noti zilizokunjamana. Akamwinamia dada juu ya kaunta, akatoka.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mafundi wale waliopewa kishika mkono walikuja wote. Cherehani zikawa tano chini ya bati, na milio yake ikafunika hata maneno ya Kimya. Dada alikata. Hakukata kwa oda ya mtu mmoja mmoja. Alipanga kitambaa tabaka juu ya tabaka na kupitisha mkasi mkubwa mara moja, saizi za katikati kwanza, nyingi, kisha za juu na za chini kwa uchache. Hakutazama karatasi yoyote. Watoto wa bondeni alikuwa amewavalisha mwenyewe mwaka baada ya mwaka, na alijua wangapi ni vijiti na wangapi ni vibonge.

Mdogo naye alikuwa na ulimwengu wake nyuma ya droo. Foleni ilifika barabarani. Wengi walikuwa na noti kubwa, kama kawaida ya watu waliotoka kupokea mshahara, na Ijumaa mtandao wa malipo ya simu ukazimika mtaa mzima. Wenye maduka jirani walisimama milangoni wakinyoosha simu juu kama wanaoita mvua. Mdogo alivuta mfuko wa kwanza wa sarafu, kisha wa pili, akaendelea kurudisha chenji bila kuinua kichwa, vidole vyake vikinuka shaba. Alijikuta anatabasamu. Kwenye saluni hajawahi kuona siku kama ile.

Ijumaa hiyo hiyo mchana mashati meupe ya saizi ya katikati yalianza kupungua kwenye rafu. Mdogo alimwonyesha dada kwa macho tu. Fungu la kurudia halikuwepo. Lilikuwa limegeuka kijivu. Ya droo ilikuwa ya Mzee na ya mafundi.

Ndipo Bosi Kioo alipovuka barabara. Suruali yake nzuri ilikuwa na vumbi. Alisimama pembeni mpaka foleni ilipopata mwanya, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama Saizi, naweza kukuona?"

Waliongea kwenye kona ya kaunta, na Mdogo alisikia kila neno. Alikuwa na chumba kizima cha sare za bondeni, nembo juu, haziuziki. Mabegi yalikuwa yanakwenda moja moja. Mzazi aliyelazimika kununua sare mara mbili hanunui begi. Fedha yake yote ilikuwa imening'inia pale nje, na Mzee wa Majora alimwambia kijivu kimekwisha. Wazazi waliokuwa wakiingia kwake kumuuliza kijivu walitoka mikono mitupu, na wengine walitoka na maneno makali.

"Nasikia unacho wewe," alisema. "Nipe bei. Yoyote."

Mdogo aliacha kuhesabu chenji. Yoyote ni neno tamu. Alikumbuka mabegi, alivyomeza mate.

Dada alimuuliza, "Mashati meupe unayo?"

"Ninayo tele. Hayatoki kwa sababu hawapati sketi ya kuvalia."

"Saizi za katikati?"

"Zote."

"Basi nakupa majora ya kijivu, kwa bei ya Mzee na juu yake ya mkokoteni. Wewe nipe mashati kwa bei yako ya ghalani. Tubadilishane, aliyezidi alipwe Jumatatu. Tena uwabadilishie wateja wako wa bondeni, kama tunavyofanya hapa. Ufundi juu yao."

Bosi Kioo alishika ukingo wa kaunta. "Mama Saizi, ungeweza kuniacha nife na tai yangu shingoni."

"Ukifa nani atauza mabegi yale? Yakibaki pale yataniharibia mandhari." Akacheka, na yule naye akacheka, cheko la mtu aliyetolewa kwenye maji.

Mdogo aliwatazama. Alijaribu kupata jina la kile alichokuwa akikiona. Mwanzoni alikiita woga, na siku ya ghalani nusura akiite ujinga. Sasa aliona kwamba dada yake muda wote alikuwa akihakikisha kitu kimoja tu: kwamba siku ikigeuka, awe na kitu mkononi ambacho bado hajakiamua. Kitambaa kisichokatwa, nembo isiyoshonwa, fedha isiyotumika. Na kwa kuwa alikuwa nacho, alikuwa na nafasi ya kuwa mtu mwema. Mdogo alijua wema wa watu wengi ambao ulikufa kwa kukosa nafasi tu.

Jumamosi jioni, Mzee wa Majora alilipwa. Mdogo alimpelekea mwenyewe. Mzee alihesabu taratibu akilamba kidole, kisha akatoa noti moja na kumrudishia. "Umezidisha."

"Sijazidisha, mzee. Ni ya mkokoteni uliotuletea majora."

Alihesabu tena, akakubali, akamtazama juu ya miwani. "Wewe ndiye mdogo wake?"

"Ndiye mimi."

"Haya," alisema mzee, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Shule zilifunguliwa. Jumatatu asubuhi Mdogo na dada yake walisimama kwenye kizingiti na vikombe vya chai, miguu imevimba, wakawaangalia watoto wakipanda kilima. Kijivu, kijivu, kijivu, na hapa na pale sketi moja ya damu ya mzee. Kila alipoiona, dada alikunja uso. "Huyo hakuwa wetu," alisema. Halafu, "Yule wetu. Kwa nini hakuja?"

Alikuja siku chache baadaye, duka likiwa tayari limerudi kwenye usingizi wake. Dada alikuwa amejilaza stoo juu ya mabaki ya kitambaa. Baba mmoja aliingia akiwa na buti za ujenzi, na msichana wake nyuma yake, amevaa damu ya mzee. Alieleza kwamba kazi ilikuwa mbali, amerudi jana, mama wa mtoto ni mgonjwa, hakuna aliyewaambia. Binti alikuwa akikaa nyumbani kwa sababu siku ya kwanza walimcheka.

"Nasikia mlikuwa mnabadilisha," alisema. "Najua muda umepita."

Mdogo alimtazama mtoto mara moja, kichwa mpaka viatu. Alipanda ngazi, akashusha sketi ya kijivu.

"Ishirini na nane," alisema. Alizungusha mkanda kiunoni kwa msichana ili ahakikishe. Ilikuwa thelathini. Akacheka peke yake, akapanda tena.

Msichana alivalia nyuma ya pazia. Alipotoka alijigeuza mbele ya kioo kidogo, akapiga pindo kwa viganja, kisha akamwangalia baba yake na kuuliza kama akikimbia sasa hivi atawahi kipindi cha hesabu. Baba alilipa ufundi. Walipotoka, mtoto alikuwa mbele na mwenye buti akimfuata mbio.

"Nani huyo?" sauti ya dada ilitoka stoo, imejaa usingizi.

"Wetu," Mdogo alijibu.

Akaichukua sketi ile iliyoachwa, akaikunja, akaipeleka ndani kwenye magunia. Magunia yalikuwa mengi. Yalijaza ukuta wote wa nyuma. Mwaka ule hawakutajirika, na droo ilibaki na kiasi ambacho mtu asingejisifia. Alimkuta dada ameketi, anafikicha macho, anayatazama magunia yale.

"Hizi tutafanya nini nazo?" Mdogo aliuliza.

"Wakimaliza kujenga, zitavaliwa. Kitambaa hakiozi."

"Na wakijenga kisha wabadilishe rangi?"

Dada alifikiri juu ya hilo kwa uzito wote, mdomo ameupinda upande. "Basi tutashona mapazia," alisema. "Mtaa mzima mapazia ya damu ya mzee. Hebu sogeza kiti hapa, unieleze tena ile hesabu yako ya ufundi. Mwakani nataka tuanze nayo."